Fomu za saa hazirudi: chunguza hapa kabla hujapiga kelele

Kazi ya kukusanya fomu za saa za kazi nimeifanya hapa Amu, kisiwani Lamu, kwa miaka kadhaa, katika shirika lenye ofisi mjini, ghala Mokowe, na watu waliotawanyika Faza, Kizingitini na Mpeketoni. Kila mwezi kuna siku tatu ambazo watu wakiniona barabara kuu hukata kona waingie kichochoroni. Nimeshawahi kuandika jumbe za upole mpaka zikawa kama dua, na za ukali mpaka mzee mmoja akaniuliza kama nimelala vibaya. Zote hazikunisaidia, kwa sababu nilikuwa natibu kabla ya kujua ugonjwa.

Hapa nimepanga makosa yanayojirudia kwa dalili. Tafuta dalili yako, uanze na sababu ya kwanza, maana ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi. Kabla ya yote toa orodha ya miezi mitatu iliyopita, na mbele ya kila jina uandike siku mbili: siku mfanyakazi alipowasilisha, na siku msimamizi wake alipoidhinisha. Wengi wetu tunayo moja tu kati ya hizo mbili, na hapo ndipo tunapomlaumu asiyehusika.

Dalili ya kwanza: ujumbe umesomwa kwenye kundi la wasapu, na hakuna aliyeleta

Sababu ya kwanza ni kwamba ujumbe ni wa wote. "Wafanyakazi wote mnakumbushwa kuwasilisha fomu zenu." Mnakumbushwa na nani? Nani hasa hajaleta? Aliyeleta anaona anasumbuliwa bure, na asiyeleta anajiambia kwamba wako wengi, hivyo haitakuwa yeye. Jaribu hivi: hesabu ni wangapi waliowasilisha ndani ya saa mbili baada ya ujumbe wa kundi, kisha mwezi unaofuata uwaandikie wale tu ambao hawajaleta, mmoja mmoja, kwa jina. Kwangu tofauti ilionekana mwezi wa kwanza, na nikaacha kabisa kukumbusha kwenye kundi. Siku hizi kundini naweka tangazo moja tu la tarehe, mwanzo wa mwezi.

Sababu ya pili ni ombi lililolainishwa mpaka likayeyuka. Adabu yetu inatuvuta tuandike "ukipata nafasi", "usijisumbue sana", "samahani kwa usumbufu". Mwenye kuambiwa "ukipata nafasi" hana kosa akiwa hajapata nafasi. Heshima iweke kwenye salamu na kwenye jina unalomwita mtu, ila tarehe na saa ziache kama zilivyo. Upande wa pili wako wanaoandika "kwa mara ya mwisho" mara tatu ndani ya wiki moja, na mara ya nne hakuna anayewaamini.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi Waswahili, nayo ni saa yenyewe. Ukiandika "mwisho saa 4", aliyezoea saa ya kompyuta anaelewa alasiri, na wengine wanaelewa saa nne ya asubuhi, ambayo imeshapita wakati wanasoma. Ukiandika "mwisho ni usiku wa Ijumaa", wazee wa hapa wanaohesabu siku kuanzia magharibi wanaelewa usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya swala ya magharibi. Kijana wa ofisini anaelewa siku nzima baadaye. Andika jina la siku, tarehe na sehemu ya siku: "Jumatatu tarehe 22, saa 10 alasiri". Mwisho uwe mchana, kabla watu hawajafunga ofisi, wala usiwe usiku wa manane ambapo hakuna wa kumpigia mtu akikwama.

Mpango ninaoutumia sasa una jumbe tatu, zaidi ya hapo hapana. Ujumbe wa kwanza naupeleka kipindi kinapoisha, kabla ya siku ya mwisho, kwa wasioleta tu:

"Assalaam alaykum mzee wangu. Fomu yako ya saa, ya tarehe 21 hadi 20, haijanifikia. Naihitaji Jumatatu tarehe 22 kabla ya saa 10 alasiri. Kuna mahali imekukwama?"

Swali la mwisho ndilo lenye kazi. Linampa mtu mlango wa kusema tatizo bila kuonekana mvivu, na nusu ya majibu ninayopata yananionyesha kosa la fomu yenyewe. Kwa mwenzangu wa Mpeketoni naanza na "habari za asubuhi" badala ya salamu ile. Iwe salamu moja tu. Ukiuliza hali ya nyumbani, ya watoto na ya mvua, atakujibu hali ya nyumbani, ya watoto na ya mvua, na fomu itasahaulika.

Wa pili unakwenda asubuhi ya siku yenyewe:

"Dada, leo ndiyo siku. Nafunga jedwali saa 10 alasiri na fomu yako haimo. Ukikwama nipigie, tutaimaliza pamoja kwa simu."

Wa tatu unakwenda baada ya kufunga, na huu usiwe na hasira hata chembe:

"Kaka, jedwali lilifungwa jana saa 10 bila fomu yako. Mshahara wako wa msingi utaingia kama kawaida. Saa zako za ziada sikuweza kuzihesabu, kwa hiyo zitaingia pamoja na za mwezi ujao. Fomu bado naihitaji, kesho kabla ya saa 6 mchana. Msimamizi wako nimemwarifu."

Angalia kwamba hakuna kitisho humo. Kuna jambo moja lililotokea kweli na jambo moja linalotakiwa. Lakini tahadhari: sentensi ya saa za ziada usiiandike kama sera ya kazi yenu haikutaja tarehe ya kufunga na kinachofuata baada yake. Malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa si kitu cha kuchezea, na anayekushauri kwa sheria aione sera hiyo kwanza.

Halafu ufunge kweli. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaharibu watu wangu: nilikuwa nikiandika Ijumaa, na nikipokea mpaka Jumanne kwa tabasamu. Walijifunza kwamba Ijumaa yangu ni Jumanne. Ilichukua miezi miwili ya kufunga saa ileile ndipo wakaniamini. Ukiwa na sababu ya kumfungulia mtu mmoja, mfungulie, ila uiandike sababu hiyo, maana mwezi ujao atakuja mwingine aseme "mbona fulani".

Dalili ya pili: mtu yuleyule, kila mwezi

Hapa ndipo tunapokimbilia neno "mkaidi". Ukaidi upo, lakini katika orodha yangu ni sababu ya mwisho. Ya kwanza ni kwamba fomu inamkataa na hataki kusema.

Mlinzi wetu wa ghala la Mokowe hakuleta fomu miezi mitatu. Ni mtu wa makamo, hakosi lindo, hana utani na kazi. Nilimwandikia kwa upole, kisha kwa ukavu, kisha nikamwandikia msimamizi wake. Mwezi wa tatu nikavuka kwa boti, nikaketi naye kwenye benchi mlangoni pa ghala, nikamwambia, "Mzee, hebu nionyeshe unavyojaza." Akatoa kwanza daftari la kurasa za mistari, limekunjwa kati. Kila usiku aliolinda ulikuwa na mstari wake: tarehe, kisha "12 – 12", kisha sahihi ya mwenzake aliyempokea asubuhi. Halikuwa na pengo hata moja. Kumbukumbu zake zilikuwa safi kuliko zangu.

Kisha akafungua simu. Mahali pa kuingia akaandika 12:00. Mahali pa kutoka, 12:00. Jumla ikatokea 0, mstari ukawa mwekundu, na fomu ikakataa kwenda. Kwake yeye alikuwa ameandika ukweli mtupu: aliingia saa kumi na mbili jioni, akatoka saa kumi na mbili asubuhi. Kompyuta ilisoma kwamba aliingia adhuhuri na kutoka adhuhuri ileile. Alijaribu mara mbili tatu, akaona pengine amekosea kitu kikubwa, akaamua kusubiri aulizwe. Sisi tulipouliza, tuliuliza kwa nini amechelewa. Hakuna aliyeuliza kilichomkatalia.

Dawa yake ina hatua mbili. Ya kwanza ni kubandika karatasi ndogo inayobadili saa. Saa yetu na saa ya kompyuta zimepishana saa sita: saa 1 asubuhi ni 07:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 12 jioni ni 18:00, saa 6 usiku ni 00:00, saa 12 asubuhi ni 06:00. Usimpe mtu kanuni ya kujumlisha na kutoa. Mpe zile saa nne au tano anazozitumia kwenye zamu yake, basi.

Hatua ya pili ni ya anayetunza jedwali. Mlinzi alipoandika 18:00 na 06:00 kama ilivyotakiwa, jedwali langu lilionyesha `########` badala ya jumla, kwa sababu nilikuwa natoa saa ya kuingia kwenye saa ya kutoka moja kwa moja, na zamu inayovuka usiku wa manane inaleta hesabu hasi. Kosa hilo lilikuwa langu. Kama saa ya kuingia iko `B2` na ya kutoka iko `C2`, andika:

```
=MOD(C2-B2,1)*24
```

Seli hiyo ya jumla iwe na muundo wa namba ya kawaida, isiwe na muundo wa saa. Sasa 18:00 hadi 06:00 inaleta 12, na zamu ya mchana ya 08:00 hadi 17:00 inaleta 9 kama kawaida (muda wa chakula utoe kando). Mlinzi wetu hupokezana usiku na mwenzake, kwa hiyo mwezi wa lindo 15 ulipaswa kusoma saa 180. Fomu zake tatu zilikuwa zinasoma sifuri, na juu ya hiyo sifuri mimi nilikuwa naandika barua za ukali.

Limebaki swali la usiku unaoanza siku ya mwisho ya kipindi na kuisha siku ya kwanza ya kipindi kinachofuata. Chagueni kanuni moja, kwa mfano kwamba saa zote zinahesabiwa siku ya kuingia zamu, muiandike juu ya fomu, na msiibadili kila mwezi.

Sababu ya pili ya mtu yuleyule ni nambari za miradi. Nahodha wa boti yetu anaweza kubeba watu wa miradi mitatu katika safari moja ya Faza. Fomu inamtaka achague mradi mmoja kwa kila saa. Ukimwambia "jaza tu", ama ataacha, ama atabahatisha. Anayejua jibu ni mtu wa fedha, naye ndiye anayepaswa kumpa nahodha kanuni ya kugawa, kwa maandishi.

Sababu ya tatu ni chuki iliyofichika: aliwahi kujaza saa za ziada na hazikulipwa, akaona fomu ni mchezo. Utaijua kwa jibu lake, kwa kuwa atasema "hata nikijaza" au "zile za mwezi ule mlizifanya nini". Ukisikia hivyo, acha kumkumbusha papo hapo. Mkumbusho mwingine utamchoma tu. Nenda utafute zile saa za zamani kwanza, umletee jibu, hata kama jibu lenyewe si la kupendeza.

Ukaidi mtupu unabaki mwisho, na dalili yake ni kwamba fomu yake haina tatizo, anaweza kuijaza mbele yako, na bado haileti. Huyo hahitaji ujumbe wa nne kutoka kwako. Anahitaji kukaa na msimamizi wake uso kwa uso.

Dalili ya tatu: "mbona mimi nimeshatuma?"

Muamini kwanza, halafu mwombe picha ya skrini. Tazama neno lililo mbele ya kipindi. Mifumo mingi huandika `Draft`, `Submitted` au `Approved`, na kila neno lina mtu wake wa kukumbushwa.

Likiwa `Submitted`, yeye amemaliza, na fomu imelala kwa msimamizi. Hili ndilo linaloongoza, na ndilo linaloumiza zaidi. Afisa wetu mmoja wa Faza alipokea vikumbusho vitatu ilhali fomu yake imekaa siku tisa kwa bosi wake, ambaye alikuwa safarini. Alipokoma kunijibu nilidhani ana kiburi. Ilinibidi nimpigie simu nimwombe radhi, tena waziwazi, kwa kuwa vikumbusho vile vilikuwa vimepitia kwa wenzake.

Msimamizi naye ana ujumbe wake, na uwe na majina na siku: "Bwana, fomu nne za watu wako ziko kwako tangu Jumanne. Watu wenyewe wamemaliza sehemu yao. Nahitaji uziidhinishe leo kabla ya saa 10 alasiri, au uniambie ipi ina kasoro ili niirudishe kwa mwenyewe." Msimamizi akikaa zaidi ya siku moja mbali na mtandao, awe na mtu wa kuidhinisha badala yake, aliyeteuliwa kabla hajapanda boti. Usikubali kamwe kupewa nywila yake "uniidhinishie tu". Siku mkaguzi atakapouliza nani aliyethibitisha saa zile, jibu litakuwa wewe, mtu ambaye hukuwepo.

Likiwa `Draft`, alibonyeza kuhifadhi akadhani ametuma. Mwongoze kwa simu mara moja na hatarudia. Kama hakuna neno lolote, mtandao ulikatika njiani. Fomu ya karatasi iliyotiwa sahihi na kupigwa picha iwe njia halali ya dharura, na asili yake ije na boti inayofuata. Njia hiyo itangaze mapema, isiwe fadhila unayompa mtu unayempenda.

Dalili ya nne: wengi wanachelewa, tena siku zilezile

Wakichelewa watu wengi pamoja, acha kuwatazama watu, itazame tarehe.

Mara nyingi kosa ni kwamba mnadai saa ambazo hazijafanywa. Sisi tulikuwa tunataka fomu ya mwezi mzima tarehe 27, ili mishahara iandaliwe. Mtu mwaminifu angewezaje kuandika saa za tarehe 29? Waangalifu walisubiri mwezi uishe, wakaitwa wachelewaji. Wasiojali walibahatisha, wakasifiwa. Tulihamisha kipindi kianze tarehe 21 na kiishe tarehe 20 ya mwezi unaofuata, fomu ziingie tarehe 22 au siku ya kazi iliyo karibu nayo, na malalamiko yakapungua sana. Lakini waulize watu wa fedha kabla ya kuhamisha, kwa sababu ripoti za baadhi ya wafadhili zinafuata mwezi wa kalenda, na hapo itabidi saa zigawanywe tena.

Baada ya hapo angalia maji. Boti za abiria kati ya Amu na Pate, kisiwa chenye Faza na Kizingitini, hufuata maji kujaa na kupwa, na anayesubiri maji alfajiri hayuko mezani asubuhi hiyo. Sikuwahi kufikiri kwamba nitapanga tarehe za utumishi kwa kumuuliza nahodha, lakini ndivyo ninavyofanya. Angalia pia Ijumaa baada ya saa 6 mchana, siku za Maulidi ambapo mji unajaa wageni, na kumi la mwisho la Ramadhani. Iddi hasa haingoji kalenda yako: mwezi ukionekana usiku, kesho ni sikukuu. Mwisho ukikaribia Iddi, uvute mbele siku mbili nzima na uutangaze mapema.

Dalili ya tano: fomu zote zinafika mapema, na zote zimejaa nane nane

Hii inaonekana kama ushindi. Ofisi yangu iliwahi kupongezwa kwa mwezi ambao hakuna hata fomu moja iliyochelewa. Nilipozifungua, safu nzima ilikuwa 8, 8, 8, 8, na siku ya Iddi pia 8, kwa watu ambao niliswali nao pamoja uwanjani asubuhi ile.

Sababu ya kawaida ni kwamba tumesukuma sana tarehe, na watu wametupa tulichotaka, yaani karatasi iliyofika. Hujazwa siku ya mwisho kwa kukumbuka, au hunakiliwa kutoka mwezi uliopita. Sababu nyingine ni msimamizi anayewajazia wote. Iliyo mbaya zaidi ni saa zilizogawanywa kwa kufuata bajeti: mradi umetenga nusu ya mshahara, basi nusu ya saa zinaandikwa hapo, iwe kazi ilifanyika au la. Wafadhili wanaolipia mishahara kwa saa wanataka kumbukumbu ya kazi iliyofanyika kweli, na makadirio ya bajeti hayachukui nafasi yake. Fedha iliyolipwa kwa saa za namna hiyo inaweza kudaiwa irudi.

Kama ni uvivu wa kukumbuka, dawa ni kujaza kila siku mistari miwili kabla ya kufunga ofisi. Ukumbusho wako uuhamishe kutoka mwisho wa mwezi uwe kila Alhamisi alasiri, mfupi: "Wiki hii umeshaiandika?"

Simama hapa ukiona sahihi zinazofanana kwa watu tofauti, mtu aliyeandikiwa saa akiwa likizo, au safu za saa zinazolingana kabisa na asilimia za bajeti. Usimrudishie mtu fomu ukimwambia "rekebisha kidogo", wala usiirekebishe mwenyewe. Weka nakala kama ilivyo, mpelekee mkuu wa fedha au mkaguzi wa ndani, nawe utoke katikati.

Mafunzo ya lazima

Mafunzo yana dalili zilezile, na moja ya ziada: mtu anaapa amemaliza, mfumo unasema `In progress`. Mara nyingi ametazama video zote bila kubonyeza jaribio la mwisho, au alifunga ukurasa kabla cheti hakijatokea. Kwa walio nje ya mji tatizo ni bando. Video ya dakika 40 kwa fedha yake mwenyewe, usiku, baada ya kazi, haitatazamwa hata ukimwandikia kwa wino wa dhahabu. Mpe saa moja ya kazi iliyotajwa, mahali penye mtandao wa ofisi, na saa hiyo aiandike kwenye fomu kama kazi, kwa kuwa ni kazi. "Jumatano saa 3 asubuhi umewekewa kompyuta ya pili" inafanya kazi kuliko "hakikisha umekamilisha kabla ya mwisho wa mwezi".

Wakati wa kuacha kukumbusha na kuita mwenye mamlaka

Usizuie mshahara wa mtu kwa sababu hakuleta fomu, na usitishie kufanya hivyo hata kwa mzaha. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka anayelipwa kwa mwezi alipwe mwezi unapoisha, na kifungu cha 19 kinataja makato yanayoruhusiwa. Adhabu ya kuchelewesha karatasi haimo. Hoja ya kweli unayoweza kumpa mtu ni kwamba kodi ya mishahara ina mwisho wake, tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na ofisi ya fedha haiwezi kumngoja mtu mmoja.

Usibandike orodha ya wachelewaji ukutani wala kwenye kundi. Mbali na aibu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na jina la mtu lililo karibu na "hajakamilisha kwa sababu ya ugonjwa" ni jambo ambalo hungependa kulieleza mbele ya kamishna.

Mtu ambaye hakuwa akichelewa akianza kuchelewa ghafla, piga simu, usiandike. Nimeshatuma ujumbe wa tatu kwa mtu aliyekuwa amekaa na mamake hospitalini. Akikueleza jambo la namna hiyo, lifikishe kwa anayeshughulikia likizo, na fomu ijazwe na msimamizi kwa maelezo yaliyoandikwa kwamba mwenyewe hakuwepo.

Na mambo yakifika kwenye nidhamu, kazi yako imekwisha. Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa, kifungu cha 41 cha sheria ileile kinataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, asikilizwe, na awe na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama chake aliyemchagua mwenyewe. Wewe kabidhi ile orodha yako ya siku ya kuwasilisha na siku ya kuidhinishwa, nakala za jumbe tatu na majibu yake. Barua ya onyo iandikwe na mkuu wa utumishi, kwa karatasi, mchana. Isiandikwe na wewe kwa wasapu saa 4 usiku.